Soli imemeguka bila kuvaliwa

"Viatu vya ofisini vimekaa kabatini miaka 4, leo soli inameguka kama keki. Nipake gundi?"

Usipake, ndugu. Hiyo ni soli ya poliyurethani, aina ya plastiki: ikiwa mpya ni laini na hailiki upesi, lakini unyevu wa hewa huivunjavunja kutoka ndani hata usipovaa, na joto huharakisha. Ikwaruze kwa ukucha. Ikitoa unga, gundi itashika unga tu.

Fundi aibandue yote, asugue mabaki hadi yaishe, kisha aweke soli ya mpira. Ni nzito zaidi, ila hushika vigae vyenye maji vizuri kuliko sponji. Sponji ni nyepesi mno, lakini hubonyea kisiginoni na kulika haraka. Ukiipenda, ikae katikati, mpira uguse chini.