Kikaratasi cha Jumatatu kimepoa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka minane kwenye ndoa. Tangu mwaka jana, kila Jumatatu alfajiri namwachia mke wangu kikaratasi cha kumtakia asubuhi njema, nakiweka pembeni ya simu yake kabla sijatoka. Mwanzoni alikuwa akisoma huku anatabasamu, na vingine alivihifadhi kwenye droo. Siku hizi anapitisha macho, anakikunja, basi. Juzi nilikuta ameandika namba ya mtu nyuma ya kimojawapo. Cha mwisho kilisema hivi: "Asubuhi njema malkia wangu. Wewe ni mwanga wa maisha yangu. Nakupenda sana. Uwe na wiki njema." Simdanganyi, Shangazi, nampenda kweli. Maneno ndiyo yameniishia. Niache, au kuna namna?*
*Baba Wawili*

Marahaba, mwanangu. Usiache. Na ile namba ya simu isikuumize. Mtu aliye katikati ya mazungumzo huandika kwenye karatasi iliyo karibu.

Hebu kisome tena hicho kikaratasi chako. Kina sentensi nne, na hakuna hata moja inayotaja jambo lililotokea. Ungeweza kukiandika mwaka jana, na ungeweza kukiandika mwakani bila kubadili herufi. Hata jirani yako angeweza kumpa mkewe na kikamfaa vilevile. Mke wako anajua kilichomo kabla hajakikunjua, ndiyo maana macho yanapita tu. Wewe unasema maneno yamekuishia. Mimi naona kilichokosekana ni habari.

Sifa za kumsifia mpenzi si nyingi kama tunavyodhani. Malkia, mwanga, ua, pumzi, ubavu wangu: baada ya miezi michache umeshazizunguka zote na unaanza upya. Hapo wengi hutafuta sifa kubwa zaidi, au hunakili maneno matamu yanayosambazwa kwenye simu, na mambo huharibika zaidi, kwa sababu mke anaifahamu sauti ya mumewe na anajua papo hapo kwamba hii si yake. Matukio ni kitu kingine. Wiki haijirudii. Kila Jumatatu inakukuta na siku saba ambazo mke wako aliishi mbele ya macho yako, na humo ndimo kikaratasi kinamotoka.

Kwa hiyo kazi yako haipo Jumapili usiku pale unapokaa na kalamu ukikuna kichwa. Ipo Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ukiona jambo, liandike siku hiyohiyo kwenye simu yako, maneno matano au sita yanatosha: "dada yake alipopiga, alisikiliza tu." Usijiambie utakumbuka. Ifikapo Jumapili kitakachokuwa kimebaki kichwani ni kwamba mke wako ni mwema, na hapo umerudi kwenye malkia na mwanga. Ukikusanya mistari miwili au mitatu kwa wiki, chagua mmoja tu. Ukiweka yote kwenye karatasi moja, inakuwa ripoti.

Nikupe mfano nikiutengeneza hatua kwa hatua. Tuseme Alhamisi asubuhi mlikuwa mmechelewa, na mtoto mdogo akang'ang'ania kufunga kamba za viatu mwenyewe. Mama yake akamwacha. Jumapili unakaa kuandika, na jambo la kwanza linalokujia ni: "Asubuhi njema. Wewe ni mama mvumilivu sana." Ni bora kuliko la malkia, ila bado ni hukumu isiyo na ushahidi. Hajui umeona nini, na huenda wiki hiyohiyo alimfokea mtoto mara mbili, kwa hiyo akilisoma neno "mvumilivu" moyo wake unabisha. Sasa jaribu hivi: "Alhamisi tulipochelewa, nilifurahi ulivyomwacha afunge kamba mwenyewe." Tukio limeingia, lakini anayesimama katikati ni wewe na furaha yako. Jaribu tena:

"Asubuhi njema. Alhamisi tulikuwa tumechelewa, na mtoto akakataa kusaidiwa kamba za viatu. Niliona mkono wako ukimwendea, kisha ukaurudisha. Akafunga mwenyewe."

Hapo hamna sifa hata moja, na bado mke wako atajua kwamba mumewe aliuona mkono ule. Hakuna mwingine aliyeuona. Pengine hata yeye mwenyewe hakujua kama aliurudisha. Siku imetajwa ili ajue hukubuni. Kiungo kimoja cha mwili kimetajwa badala ya tabia nzima, kwa hiyo hana cha kubishia. Ukitaka kuongeza "nakupenda" mwishoni, ongeza, lakini si kila wiki; likikaa mahali palepale kila Jumatatu litasomwa kama sahihi ya mwisho wa barua. Na kama nyumbani humwiti malkia, usimwite hivyo kwenye karatasi. Mwite unavyomwita ukiwa unamtafuta chumba cha pili.

Hatua hiyo ya kuondoa "nilifurahi" sikuiweka kwa kupenda kwangu tu. Mwaka 2016 mtafiti wa saikolojia Sara Algoe na wenzake walichapisha utafiti uliowaangalia wapenzi wakishukuriana. Walitenganisha shukrani inayomsifu aliyetenda na ile inayoeleza jinsi mwenye kushukuru alivyofaidika. Ile ya kwanza ndiyo iliyoambatana na mwenzi kujisikia kwamba anaeleweka na kujaliwa. Ya pili haikuonyesha nguvu hiyo. Yaani "umenirahisishia maisha" inamfikia kwa uzito mdogo kuliko "ulilifikiria hilo kabla ya mtu yeyote." Vikaratasi vingi vya waume vimejaa "umenifanya", "umenipa", "bila wewe mimi". Pitia vyako vya zamani uhesabu ni mara ngapi wewe ndiye mhusika mkuu.

Sasa nikutahadharishe, maana njia hii nayo huchakaa. Ukiandika kila wiki "Jumatano nilikuona ukifanya hivi", baada ya miezi miwili mke wako atahisi anapewa alama, na hakuna anayependa kukaa nyumbani kwake akiwa chini ya msimamizi. Utaligundua mapema kwa masikio yako mwenyewe: ukijua sentensi ya kwanza kabla hujajua utaandika kuhusu nini, umeshaingia kwenye mazoea. Hapo geuza upande unaotazama. Jumatatu moja tazama mbele, siku anayoingia: "Leo ndiyo siku ya kile kikao ulichokiwaza tangu wiki jana. Saa nne nitakuwa nakufikiria." Hicho kinahitaji ujue ratiba yake, na kama huijui, muulize Jumapili mchana. Jumatatu nyingine rudi nyuma miaka, kwenye jambo dogo la zamani ambalo hamjawahi kulizungumza. Na mara mojamoja mwambie jambo alilokuwa sahihi nawe hukumwambia: "Ulisema nisiikubali ile zamu ya usiku. Nilibisha. Ulikuwa umeona mbali." Waume wachache sana huandika hilo, na sijui kikaratasi kinachodumu kwenye droo kuliko hicho.

Urefu nao ubadilike wenyewe. Wiki yenye jambo kubwa andika nusu ukurasa. Wiki kavu andika mstari mmoja wa kweli. Ukilazimisha sentensi nne kila mara, ile ya tatu na ya nne zitakuwa za kujaza nafasi. Wiki ambayo huna kitu kabisa, usiweke karatasi. Jumatatu moja tupu haiharibu kitu, na inayofuata itasomwa.

Usije ukadhani dawa ni kuandika kila siku. Mwaka 2005 Sonja Lyubomirsky na wenzake walieleza jaribio la wiki sita ambamo wanafunzi waliorodhesha mambo mema ya maisha yao. Walioorodhesha mara moja kwa wiki waliongezeka furaha. Waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakuongezeka. Hawakuwa wakiwaandikia wenzi, lakini mwendo wako wa mara moja kwa wiki naona unakutosha. Unakupa muda wa kuona kitu kipya kati ya Jumatatu na Jumatatu.

Kuna mambo mawili ambayo usiyaruhusu kuingia kwenye karatasi hiyo kabisa. La kwanza ni sifa yenye ndoano: "Jana ulikuwa mchangamfu, natamani uwe hivyo kila siku." Nusu ya kwanza ni zawadi, nusu ya pili ni lawama, na yeye atakumbuka lawama. Kumbusho la bili au la kumpitia mtoto liandike kwenye karatasi nyingine. La pili ni ugomvi. Mkigombana Jumamosi, kikaratasi cha Jumatatu si mahali pa kujitetea wala pa kuomba msamaha. Msamaha unaombwa kwa mdomo, ana kwa ana, ili naye apate nafasi ya kujibu. Lakini pia usimwandikie kana kwamba hakuna kilichotokea, maana hapo ndipo mke huona karatasi zote zilizopita kuwa za kuigiza. Andika kidogo: "Asubuhi njema. Bado nayafikiria uliyoyasema Jumamosi. Jioni tuongee." Kisha jioni mwongee kweli.

Usimtangazie kwamba umebadilisha mtindo, na jioni usimuulize kama amesoma. Ukiuliza, unamdai tabasamu, na tabasamu la kudaiwa halitakuambia lolote. Angalia mambo mengine: anagusia kilichoandikwa siku mbili baadaye katikati ya mazungumzo mengine, anakubishia, "Haikuwa Alhamisi, ilikuwa Ijumaa", naye anaanza kukuambia vitu alivyoviona kwako. Kubishiwa tarehe ni dalili nzuri sana, mwanangu, maana mtu habishani na karatasi ambayo hakuisoma.

Mpe miezi miwili. Kama bado anakikunja na kupita, huenda tatizo si maneno. Kuna watu ambao asubuhi kichwa chao kimeshatoka nyumbani kabla ya miguu, na kuna ambao maandishi hayawagusi hata yawe mazuri namna gani. Basi siku ya mapumziko, mkiwa mmetulia, muulize waziwazi: "Ungependa niendelee kukuandikia, au nikuambie mwenyewe kabla sijatoka?" Akichagua kuambiwa, mwamshe taratibu Jumatatu ijayo umwambie lile la kamba za viatu.

Shangazi