Maswali na majibu: Bapa likivikwa kwenye tufe, infiniti inakaa wapi?

Mwalimu, kitabu kinasema nukta (3, 0) ya bapa inakwenda (0.6, 0, 0.8) kwenye tufe. Hizo namba zimetoka wapi?

Chukua tufe lenye nusu kipenyo 1, kitovu chake kikiwa (0, 0, 0), na bapa linalolikata katikati kwenye ikweta. Ncha ya kaskazini, (0, 0, 1), tuiite K. Sasa vuta uzi ulionyooka kutoka K hadi nukta yako ya bapa. Mahali uzi unapokutana na ngozi ya tufe, mbali na K penyewe, ndipo nukta hiyo inapohamia. Njia hii huitwa projeksheni ya stereografia, nayo ni huo uzi tu. Mengine yote ni hesabu.

Ukitembea kwenye uzi kutoka K kuelekea (3, 0, 0), uko kwenye (3t, 0, 1 − t), t ikianza na 0. Ili uwe juu ya tufe lazima 9t² + (1 − t)² = 1, yaani 10t² − 2t = 0. Jibu la kwanza, t = 0, ni K yenyewe. La pili, t = 1/5, linatoa (0.6, 0, 0.8). Hakikisha: 0.36 + 0.64 = 1. Jumla hiyo isipofika 1, umekosea mahali.

Kwa nukta yoyote (a, b) iliyo umbali r kutoka kitovu, hesabu ni ileile na t inakuwa 2/(1 + r²). Nukta za ndani ya duara la r = 1 zinashuka nusu ya kusini, za nje zinapanda kaskazini, na za duara lenyewe hazisogei. Angalizo: baadhi ya vitabu hulikalisha tufe juu ya bapa, ncha ya kusini ikiligusa, na hapo fomula hubadilika. Kabla ya kuamini fomula ya mtu, tazama ni duara gani la bapa linalokuwa ikweta. Kwa tufe la nusu kipenyo 1 lililokalishwa hivyo, ni duara la r = 2.

Kwenye bapa naweza kwenda mbali kwa kila upande. Iweje infiniti iwe nukta moja tu na si nyingi?

Swali zuri kuliko yote niliyoletewa safari hii. Kwanza tazama nani amebaki bila mwenzake. Kila nukta ya bapa imepata nukta moja ya tufe, na kila nukta ya tufe ina yake kwenye bapa, isipokuwa K. Uzi unaoligusa tufe hapo K uko sambamba na bapa, kwa hiyo haulifikii kamwe. Kuna nafasi moja tupu, si mbili wala elfu. Hiyo ndiyo tunayoipa jina nukta ya infiniti.

Sasa pima. Nukta ya bapa iliyo umbali r, ikishahamia kwenye tufe, inakuwa umbali wa 2/√(1 + r²) kutoka K, ukipima kwa mstari ulionyooka. Kwa r = 100 ni kama 0.02; kwa r = 1000 ni kama 0.002. Katika fomula hiyo upande haumo kabisa, imo r peke yake. Uende mashariki, magharibi, au uzunguke kama konokono huku ukizidi kwenda mbali, unaishia K. Hata mfuatano 1, −2, 3, −4, … unaorukaruka pande mbili za sifuri una kikomo hapa.

Kwa hiyo “kukaribia infiniti” ni kauli yenye maana ya kawaida: ni kukaribia nukta fulani ya tufe. Lakini hili ni chaguo. Anayeshughulika na mstari wa namba halisi mara nyingi hutaka +∞ na −∞ ziwe mbali mbali, na ana haki. Anayechora picha zenye kina huongeza nukta moja ya mbali kwa kila mwelekeo. Tufe linawafaa wanaotumia namba changamano, yaani wanaoisoma nukta (a, b) ya bapa kama namba a + bi, ambapo i² = −1; namba hizo hazina upande wa chanya na wa hasi kama mstari ulivyo. Kwao linaitwa tufe la Riemann, kwa jina la mwanahisabati Bernhard Riemann.

Basi ni kweli kwamba mistari sambamba hukutana?

Kwenye tufe, ndiyo, ila tazama inavyokutana. Mstari x = 1 pamoja na K hukaa kwenye bapa la mshazari x + z = 1, na bapa hilo hulikata tufe kwa duara. Mstari x = 2 nao hukaa kwenye x + 2z = 2. Maduara yote mawili yanapita K, na hapo yote yanaelekea upande mmoja, ule wa y. Yanagusana bila kukatana, na pembe kati yake ni 0.

Mistari miwili inayokatana, kwa upande wake, hukutana mara mbili: mahali pake pa kawaida na tena pale K, kwa pembe ileile. Mhimili wa x na wa y hukatana kwa nyuzi 90 kusini na nyuzi 90 kaskazini.

Je, maumbo hubaki vilevile?

Pembe hubaki, ukubwa haubaki. Urefu mdogo ulio umbali r huzidishwa kwa 2/(1 + r²). Kimraba chenye ubavu 0.01 karibu na kitovu kinapata ubavu wa 0.02 hivi, kilekile kikiwa karibu na (3, 0) kinabaki na 0.002.

Tuliambiwa shuleni kugawa kwa sifuri ni marufuku. Mbona nyinyi mnaandika 1/0 = ∞?

Tunaandika kwa sababu ya mzunguko. Namba 3, yaani nukta (3, 0), iko (0.6, 0, 0.8). Hesabu 1/3 uone: ni (0.6, 0, −0.8). Namba i iko (0, 1, 0), na 1/i, ambayo ni −i, iko (0, −1, 0). Kila mara namba ya pili na ya tatu kwenye mabano zimebadili alama, ya kwanza imetulia. Kumbe kugeuza namba changamano z kuwa 1/z ni kulizungusha tufe nusu mzunguko, mhimili ukipita kwenye 1 na −1. Mzunguko huo unaipeleka ncha ya kusini, yaani 0, kwenye K. Kukataa 1/0 hapa ni kama kulizungusha tufe huku ukiiambia ncha moja ibaki nyuma.

Marufuku ya shuleni haijafutwa, imepunguzwa tu. ∞ − ∞ na 0 × ∞ bado hazina jibu, kwa sababu zikikaribiwa kwa njia tofauti zinatoa majibu tofauti.

Kwa hiyo kila fomula ina thamani yake kwenye infiniti?

Hapana. (2z + 1)/(z − 3) inayo: z ikienda mbali thamani inakaribia 2, na z ikiwa 3 thamani ni ∞. Lakini chukua eᶻ. Kwenye mhimili halisi, ukienda kulia inapanda kuelekea K. Ukienda kushoto inashuka kuelekea 0. Ukipanda mhimili wa namba za kufikirika inazungukazunguka kwenye ikweta bila kutulia. Njia tatu zinaifikia nukta ileile, na kila moja inaleta habari yake, hivyo hakuna thamani tunayoweza kuiandika pale K.