Kujirekodi kabla ya kukaa mbele ya jopo

"Nimemaliza shahada ya uhasibu, wiki ijayo nina usaili wa ana kwa ana. Nimepakua programu ya kujirekodi nikifanya mazoezi ya usaili, ila kila nikijitazama nakata tamaa. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, usitazame kila kitu kwa mara moja. Rekodi jibu moja, kisha lipitie mara tatu: kwanza bila sauti, uone macho na mikono, pili sikiliza tu bila picha, tatu soma maandishi, kama programu yako inageuza sauti kuwa maandishi. Hapo ndipo nilipojigundua. "Tueleze kuhusu wewe" nililijibu kwa dakika nne, na "kwa hiyo" ilijaa kila mstari. Nikabakiza shahada, mafunzo kwa vitendo na kosa moja la hesabu za benki nililolisuluhisha. Dakika moja na nusu ikatosha.

Usikariri neno kwa neno. Andika vidokezo vitatu tu, urekodi upya bila kusoma. Ukiona macho yanapanda juu kila sentensi, bado unakariri.

Programu ina kasoro: inakuzoesha kutazama kamera moja. Jopo lina watu kadhaa, tena hukatiza. Siku mbili za mwisho waombe ndugu watatu wakae mbele yako wakuulize "kwa nini?" katikati ya jibu. Alama za "kujiamini" ambazo programu inakupa zisikusumbue; huenda lafudhi yetu inazichanganya.

Usitaje siri za ofisi ulikofanya mafunzo, maana rekodi huenda zinahifadhiwa kwenye seva za wenye programu. Na ukitetemeka hadi usingizi unakatika, muone mshauri nasaha wa chuo.