Kadiria, kokotoa, na lile neno «wastani»

Swali: Namsaidia binti yangu wa kidato cha nne masomo ya takwimu, na namweleza kwa Kiswahili. Kwenye jedwali lenye makundi ya alama, niseme «kokotoa wastani» au «kadiria wastani»? Na mediani nikiiita «wastani wa katikati» nakosea? Na «kundi la modi» ni sawa na «modi»?

Jibu: Sema «kadiria». Tuone sababu kwenye jedwali la wanafunzi 40:

| Alama | Marudio |
|---|---|
| 41–50 | 4 |
| 51–60 | 8 |
| 61–70 | 14 |
| 71–80 | 10 |
| 81–90 | 4 |

Jedwali hili limeshaficha alama zenyewe. Tunajua wanafunzi 14 wamo kati ya 61 na 70, lakini nani kapata 62 na nani 69 hatujui tena. Kwa hiyo kila mmoja tunampa alama ya katikati ya kundi lake: 45.5, 55.5, 65.5, 75.5 na 85.5. Tunazidisha kila moja kwa marudio yake, tunapata 182, 444, 917, 755 na 342. Jumla ni 2640, na tukigawa kwa 40 tunapata 66.

Hesabu yenyewe ni kamili, ila 66 si lazima iwe wastani halisi. Kama kila mwanafunzi angekuwa mwanzoni kabisa mwa kundi lake, wastani ungekuwa 61.5, wote wangekuwa mwishoni, ungekuwa 70.5. Ukweli uko humo katikati, na ndiyo maana ya «kadiria». Kitenzi hiki kina shina moja na «kadiri», yaani kipimo, kwa hiyo usikichanganye na «kisia». Anayekisia anaweza kutaja namba yoyote. Anayekadiria ana kipimo cha kushikilia. Ukipenda «kokotoa», basi sema «kokotoa makadirio ya wastani», nalo ni sahihi.

Hapa wengi hugawa kwa 5, idadi ya makundi, badala ya 40. Wanapata 528, alama ambayo hakuna mwanafunzi angeweza kuifikia. Mfundishe kulitazama jibu: lisipoangukia kati ya 41 na 90, kuna kosa.

Kuhusu mediani, «wastani wa katikati» litampotosha. Asili ya «wastani» ni neno la Kiarabu lenye maana ya katikati, na katika mazungumzo bado tunasema «mtu wa kimo cha wastani» tukimaanisha si mrefu wala si mfupi. Lakini kwenye hisabati neno hilo limeshachukuliwa na jumla iliyogawiwa kwa idadi. Mwanafunzi akisikia «wastani», atajumlisha na kugawa. Mwambie «mediani», au «thamani ya katikati».

Ili kuipata, nusu ya 40 ni 20. Tukijumlisha marudio tukishuka tunapata 4, 12, kisha 26, kwa hiyo wa 20 yumo katika kundi la 61–70. Wa kabla ya kundi hilo ni 12, tunahitaji 8 zaidi kati ya 14 waliomo, na upana wa kundi ni 10:

```
60.5 + (8 ÷ 14) × 10 = 66.2
```

Kwa nini 60.5 na si 61? Hapa lugha inasaidia. Soma kundi «sitini na moja hadi sabini», kisha neno «mpaka» uliache kwa kazi yake ya pili, ile ya mpaka wa shamba. Kundi la 51–60 na la 61–70 ni mashamba mawili jirani. Mpaka wao hauko ndani ya shamba la yeyote, uko katikati ya 60 na 61. Anayeanzia 61 hupata 66.7, na kosa hilo halionekani kwa macho kama lile la 528.

Swali lako la mwisho: si sawa. Kundi la modi ni lile lenye marudio mengi kuliko mengine, hapa 61–70. Jibu ni kundi lenyewe. Anayeandika 14 ametaja marudio, na swali halikuuliza marudio. Modi, kwa upande wake, ni alama moja iliyojirudia zaidi, na jedwali haliwezi kuitaja kwa uhakika. Tuseme wanafunzi wote 10 wa kundi la 71–80 walipata 72, na wale 14 wametawanyika mmoja au wawili kwa kila alama. Modi ingekuwa 72, nje kabisa ya kundi la modi. Kwa hiyo hata ile kanuni inayotoa 66.5 kwa jedwali hili, isome «makadirio ya modi».