Maswali na majibu: Tarehe zinazokataa kujipanga

Mwalimu, nimepanga orodha ya wanafunzi kwa tarehe ya kuandikishwa, lakini walioingia 2022 wanatangulia wale wa 2019. Nimekosea wapi? (Bukavu)

Hukukosea katika kupanga. Tarehe zako ni maandishi tu, na kompyuta inapopanga maandishi hulinganisha alama moja moja kuanzia kushoto. Ikikuta 02/12/2022 na 15/01/2019, huona 0 mbele ya 1, ikaamua hapo hapo bila kufika kwenye mwaka. Kwa maneno mengine, orodha yako imepangwa kwa siku ya mwezi, jambo ambalo halina faida kwa mtu yeyote.

Dawa ni kuandika kilicho kikubwa kwanza: mwaka, kisha mwezi, kisha siku, yaani 2019-01-15. Huo ndio utaratibu wa ISO 8601, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na uzuri wake ni kwamba hata tarehe ikibaki maandishi itajipanga sawasawa. Usiache sifuri za mbele, kwa sababu 2019-9-5 itaangukia nyuma ya 2019-10-12, kwa kuwa 9 ni kubwa kuliko 1.

Tulitumiwa faili ya mapokezi ya kahawa ya msimu wa 2023. Tarehe nyingine zimeegemea kulia, nyingine kushoto, na kuna kahawa iliyopokelewa mwezi wa 11 wakati kituo cha kuoshea kilikuwa kimefungwa. Tufanyeje? (Goma)

Nakuomba kwanza usipange chochote na usifute chochote. Nakili faili nzima, kisha ongeza safu ya namba za mistari, 1, 2, 3 hadi mwisho, ili mpangilio wa asili usipotee.

Kilichotokea nakijua kwa sababu kiliwahi kunitesa wiki nzima. Mtu mmoja alifungua faili ya CSV kwenye kompyuta ambayo mipangilio yake ya eneo ni ya Kimarekani, ambako mwezi hutangulia siku. Excel ilipokuta 11/04/2023, yaani tarehe 11 mwezi wa 4, iliisoma kama tarehe 4 mwezi wa 11, ikaigeuza kuwa namba, maana kwa Excel tarehe ya kweli ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900. Namba huegemea kulia. Ilipokuta 13/04/2023 ilitafuta mwezi wa 13, haikuuona, ikaiacha kama maandishi, na maandishi huegemea kushoto. Zile za kushoto zinazoonekana kama mgonjwa ndizo nzima. Zilizougua ni zile za kulia zilizokaa vizuri.

Hesabu yenyewe inatisha kidogo. Katika mwaka wa kawaida, siku 144 zina namba ya siku isiyozidi 12. Kati ya hizo, 12 hazidhuriki, kama 05/05, kwa sababu siku na mwezi ni namba ileile. Zinabaki 132 zinazogeuzwa kimyakimya, na 221 zinazobaki maandishi. Kahawa ya mwezi wa 11 imewashtua kwa sababu iko nje ya msimu, lakini 05/04 iliyogeuka kuwa tarehe 4 mwezi wa 5 imo ndani ya msimu, na hakuna jicho litakaloishuku.

Kama CSV ya asili bado ipo, rudini kwake. Msiifungue kwa kubofya mara mbili, bali iingizeni kwa njia ya kuleta data, mkiagiza safu ya tarehe isomwe kama maandishi. Kisha chagueni safu hiyo, mwende *Données*, *Convertir*, na katika hatua ya tatu mchague *Date : JMA*, yaani siku, mwezi, mwaka. Kazi itakuwa imekwisha.

Kama CSV imepotea, fomula hii ya Excel ya Kifaransa hurekebisha makundi yote mawili, ikiwa tarehe ziko kwenye safu ya A na za maandishi zimeandikwa kwa tarakimu kamili:

```
=SI(ESTNUM(A2);DATE(ANNEE(A2);JOUR(A2);MOIS(A2));DATE(DROITE(A2;4);STXT(A2;4;2);GAUCHE(A2;2)))
```

Ikikuta namba, hurudisha siku na mwezi mahali pake. Ikikuta maandishi, huyakata vipande na kuyaunganisha. Hata hivyo, fomula hii inaamini kwamba kila namba iligeuzwa, na imani hiyo lazima ipimwe. Namba iliyogeuzwa haiwezi kamwe kuwa na siku inayozidi 12, kwa sababu siku yake ya sasa ulikuwa mwezi wake wa zamani. Kwa hiyo andikeni pembeni `=ET(ESTNUM(A2);JOUR(A2)>12)`. Kila mstari unaojibu VRAI uliandikwa kwenye kompyuta nyingine yenye mipangilio ya kwetu, na si huo peke yake, bali majirani zake pia.

Hapo ndipo namba za stakabadhi zinapokuwa shahidi. Tuseme stakabadhi 117 na 118 zinaonyesha tarehe 4 mwezi wa 11 na tarehe 4 mwezi wa 12, halafu 119 ni maandishi 13/04/2023. Mlolongo wa 11, 12, 13 mwezi wa 4 unajionyesha wazi, hivyo zile mbili ziligeuzwa. Tuseme tena stakabadhi 340 ni namba, tarehe 20 mwezi wa 6, na 331 ni namba, tarehe 12 mwezi wa 6. Ya 340 haikugeuzwa, na 331 inakubaliana nayo, hivyo fomula ikipita juu ya 331 itaharibu tarehe iliyokuwa nzima na kuipeleka tarehe 6 mwezi wa 12 wa 2023, au mbaya zaidi kwa 340, mwezi wa 20 utahesabiwa kuvuka mwaka. Tafuteni stakabadhi ambapo mwandishi alibadilika, mtumie fomula hadi hapo tu, na baada ya hapo mchukue tarehe jinsi zilivyo.

Mkimaliza, pangeni kwa namba ya stakabadhi, na kama matokeo yako safu ya C, andikeni `=C3<C2` mkiishusha hadi mwisho. VRAI yoyote ni mahali ambapo tarehe imerudi nyuma. Huenda ni kosa la karani aliyeruka stakabadhi, lakini ni lazima mtu afungue kitabu cha karatasi na kutazama.

Jambo moja zaidi kuhusu DATE: haikatai siku isiyokuwepo. Mkiipa tarehe 31 mwezi wa 2 wa 2023 itawapa tarehe 3 mwezi wa 3 bila kunung'unika. Kwa tarehe zilizotoka kwenye maandishi, andikeni upya matokeo kwa mtindo wa siku, mwezi, mwaka na kuyalinganisha na maandishi ya asili. Yasipofanana, karani aliandika siku ambayo haiko kwenye kalenda.

TEXTE(B2;"aaaa-mm-jj") inafaulu kwangu, lakini faili ikifika ofisi nyingine mwaka hauonekani. Kwa nini? (Bukavu)

Majina ya fomula hujitafsiri yenyewe faili inapohamia Excel ya lugha nyingine, lakini yale yaliyo ndani ya alama za nukuu hayaguswi. Herufi *aaaa* ni mwaka kwa mipangilio ya Kifaransa tu. Tumia njia isiyotegemea lugha:

```
=ANNEE(B2)&"-"&DROITE("0"&MOIS(B2);2)&"-"&DROITE("0"&JOUR(B2);2)
```

Kisha nakili matokeo na kuyabandika kama thamani. Ukiihifadhi kuwa CSV, usiifungue tena kwa kubofya mara mbili eti uhakikishe. Excel itaitambua 2023-04-11 kuwa tarehe, itaionyesha 11/04/2023, na ukihifadhi itaandika hicho inachokionyesha. Ifungue kwa kihariri cha maandishi cha kawaida. Nimeona watu wakiharibu kazi ya siku nzima kwa dakika ya kuhakikisha.

Katika daftari letu la wagonjwa miaka imeandikwa kwa tarakimu mbili. Mzee wa 12/05/15 ametokea kuwa mtoto. (Lubumbashi)

Ukiandika mwaka wa tarakimu mbili kwenye seli, Excel hukisia karne kwa kutumia mpaka. Kwa muda mrefu mpaka huo umekuwa 29: kuanzia 00 hadi 29 ni miaka ya 2000, na 30 hadi 99 ni ya 1900, ingawa Windows inaruhusu kuubadilisha. Ajabu ni kwamba fomula ya DATE haitumii mpaka huo. Yenyewe huongeza 1900 tu, hivyo DATE(15;5;12) ni 1915. Programu ileile, mgonjwa yuleyule, miaka mia moja kati yao.

Usiiachie Excel uamuzi. Linganisha na tarehe ya kuja kituoni, ambayo mnaijua: tarehe ya kuzaliwa haiwezi kuwa baada yake, na safu ya umri, kama karani aliiandika, itamaliza ubishi. Pale ambapo umri haupo na karne zote mbili zinawezekana, acha seli wazi na uandike sababu pembeni.

Na kama aliyeandika aliweka "mwezi wa 6, 2019" bila siku? (Goma)

Andika 2019-06. Utaratibu wa ISO unaruhusu, na itajipanga mbele ya 2019-06-01. Ila safu iwe imeandaliwa kama maandishi kabla ya kuandika, kwa sababu Excel ikiiona huru itaigeuza kuwa tarehe 1 mwezi wa 6. Baadaye hakuna atakayejua kama siku hiyo ya kwanza ilishuhudiwa au ilibuniwa. Mkiona kwenye orodha yoyote watu wengi mno waliozaliwa tarehe 1 mwezi wa 1, mmeshakutana na jambo hili.

Tarehe tunazotuma Kinshasa zinafika zikiwa zimerudi siku moja. (Lubumbashi)

Mmetuma tarehe iliyobeba saa ndani yake. Saa sita ya usiku Lubumbashi ni saa tano ya usiku Kinshasa, bado siku ya jana, na ni saa nne ya usiku kwa saa ya UTC. Mfumo wa kule ulibadilisha saa kwa haki kabisa, kisha ukakata saa na kubakiza siku. Kama mnachotaka ni siku tu, tumeni maandishi ya alama kumi, 2023-04-11, bila saa yoyote nyuma yake. Kama saa inahitajika, iandikeni pamoja na tofauti yake:

```
2023-04-11T00:00:00+02:00
```