Betri za kidonge zisizo na zebaki: kamera ya zamani itumie ipi?

*"Minolta SRT 101 yangu inataka betri ya PX625, dukani wanasema hazitengenezwi tena. Nimetia LR44 na picha zinatoka na giza. Kwa nini waliondoa zebaki, na badala yake niweke nini?"*

Mkuu, zebaki ilikuwa na kazi mbili kwenye betri hizi. Katika PX625, oksidi ya zebaki ndiyo iliyokuwa upande chanya wenyewe, ikitoa volti 1.35 zisizoyumba mpaka betri inakaribia kufa. Katika betri nyingine za kidonge, zebaki kidogo ilichanganywa na unga wa zinki. Zinki ikikaa ndani ya alkali hutoa gesi ya haidrojeni hata betri isipotumika, na gesi hiyo huvimbisha kopo na kuvujisha dawa. Zebaki iliizuia.

Shida ni pale betri inapotupwa. Zebaki ikifika majini, vijidudu huigeuza methili-zebaki, inayojilimbikiza kwenye samaki na kuharibu neva za mlaji. Marekani ilipiga marufuku betri za kidonge za oksidi ya zebaki mwaka 1996. Ulaya iliruhusu hadi asilimia 2 kwenye vidonge vingine, ikaufunga mlango huo Oktoba 2015. Viwanda vimehamia zinki safi sana iliyochanganywa na bismuthi, indiamu au aluminiamu, ambayo nayo hupunguza gesi.

Sasa kamera yako. Mita ya mwanga ya SRT 101 imepimwa kwa volti 1.35. LR44 ya alkalini huanza na 1.5 au zaidi kidogo, kwa hiyo mita hudhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, nawe unaifunga lenzi kupita kiasi. Ndiyo hilo giza. Kuipunguzia ISO hakusaidii kwa muda mrefu, maana volti za alkalini hushuka kadiri inavyotumika na kosa hubadilika nazo.

SR44, ya oksidi ya fedha, hukaa kwenye 1.55 karibu maisha yake yote. Fundi akiunga dayodi ya Shotki kwenye waya wa betri, volti hushuka kwa takriban 0.2 na unarudi karibu na 1.35. Kwangu hii ndiyo suluhisho la kudumu.

Asiyetaka kufungua kamera atumie PR44, betri namba 675 ya vifaa vya kusikia. Hii ni ya zinki na hewa, hutoa volti 1.4 hivi. Bandua kibandiko, iache dakika chache ivute hewa, kisha itie. Usizibe vitundu vyake. Ina kipenyo cha milimita 11.6 na chumba ni kama 16, hivyo izungushie pete ya mpira. Ikishaanza kuvuta hewa hukauka yenyewe baada ya wiki kadhaa, hata kamera ikiwa kabatini.

CR za lithiamu zina volti 3, usizijaribu humo.