Andalio la usiku mmoja

Swali la wiki: Ni usiku gani uliokufunza kazi yako kuliko chuo?

Nilikuwa na wiki ya tatu tangu kuripoti katika skuli moja nje ya Wete, Pemba, nikifundisha kwa kufuata kitabu ukurasa baada ya ukurasa, pale Mwalimu Mkuu aliponipigia simu baada ya sala ya Isha kunijulisha kuwa wakaguzi wangefika asubuhi. Azimio la kazi nililirithi kwa mwalimu aliyehama, lakini andalio la somo sikuwa nalo hata moja, kwani chuoni tuliyaandika kwa vikundi na mimi nikinakili tu.

Nikapiga mistari kwa rula nikaanza: Hisabati, Darasa la Nne, dakika 40, kujumlisha sehemu zenye asili sawa. Penye lengo mahsusi niliandika kwamba mwanafunzi aelewe kujumlisha sehemu. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, akasoma kwa mwanga wa kandili, maana umeme ulikuwa umekatika.

"Mwanangu, huko kuelewa utakuonea wapi?"

Nikafuta, nikaandika kwamba hadi mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kufanya kwa usahihi maswali matatu kati ya manne. Safu ya shughuli za mwalimu niliijaza vizuri, ila ya wanafunzi ilikuwa na neno moja, "kusikiliza", mara nne. (Alicheka mpaka akakohoa.)

"Watakosea wapi?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Akaandika 1/8 + 2/8 = 3/16, kosa la mtoto anayejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kisha akaleta mkate wa kumimina, akaukata vipande vinane vilivyo sawa, akanipa viwili na kuniongeza kimoja. Viwili vile ni 2/8, yaani 4/16. Kwa hesabu ya mtoto huyo, baada ya kuongezewa nimebaki na 3/16. "Umeongezewa ukapungukiwa?" Hapo ndipo nilipoona kwamba asili inataja ukubwa wa kipande, na ukubwa haukubadilika. Katika hatua ya maarifa mapya nikaandika kuwa kila kikundi kitakunja duara la karatasi mara tatu, kipate vipande vinane, kisha kitahesabu vipande kabla ya kuandika chochote.

Karibu na saa sita, kwa furaha ya kumaliza, nikajaza na tathmini: wanafunzi wengi wameweza. Shangazi akachukua raba. "Somo hujalifundisha." Akafuta pia idadi ya waliohudhuria.

Asubuhi mkaguzi alipopokea daftari langu alianzia chini kabisa ya ukurasa, kwenye tathmini, akaikuta tupu, akalifunga na kwenda kukaa nyuma ya darasa. Kipindi kilipokwisha alinisubiri nisahihishe madaftari, nami nikaandika mbele yake kwamba wanafunzi tisa bado wanajumlisha asili, na kwamba kesho nitaanza na hao tisa na makaratasi yao.